Handaki la GRE baina ya Ruta Mbili, na Yasiyokuwamo Ndani Yake

Neno handaki limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni shimo refu lichimbwalo ili kumzuia adui. Basi lisemwapo kuhusu mitambo ya mawasiliano kwamba ruta mbili zimeunganishwa kwa handaki, msikiaji hudhani mara moja kwamba kuna kuta, kuna giza, na kwamba kipitacho humo hakionekani na mtu wa nje. Dhana hiyo imewaponza wengi. Handaki liitwalo GRE, ambalo kanuni zake zilitangazwa mwaka 1994 na kurekebishwa mwaka 2000, halina kuta wala giza. Lingefananishwa kwa haki zaidi na bahasha ya karatasi nyembamba, isomekayo bila ya kufunguliwa.

Ichukuliwe mfano wa ofisi mbili za shirika moja, ya kwanza Tanga na ya pili Mwanza. Kompyuta za Tanga zina anwani zianzazo na 10.1, na za Mwanza zianzazo na 10.2. Anwani za namna hii ni za matumizi ya ndani tu. Mtandao wa kampuni ya mawasiliano ulioko katikati hauzijui, na pakiti iendayo 10.2.0.5 ikitolewa humo vivi hivi itatupwa. Kinachojulikana huko ni anwani ya nje ya kila ruta: ya Tanga 192.0.2.1, ya Mwanza 198.51.100.1. Kazi ya GRE ni kuichukua pakiti ya ndani nzima nzima, bila ya kuigusa, na kuitia ndani ya pakiti nyingine yenye anwani hizi za nje. Ruta ya Tanga huamriwa hivi:

```
interface Tunnel0
 ip address 172.16.0.1 255.255.255.252
 tunnel source 192.0.2.1
 tunnel destination 198.51.100.1
ip route 10.2.0.0 255.255.0.0 172.16.0.2
```

Ya Mwanza huamriwa vivyo hivyo kwa kugeuza pande. Tangu hapo kila pakiti iendayo 10.2 huongezewa mbele yake baiti 24: baiti 20 za kichwa cha nje, chenye nambari 47 iambiayo kwamba kilichomo ni GRE, na baiti 4 za GRE yenyewe, ambazo kazi yake kubwa ni kueleza aina ya kilichofungwa. Ruta za katikati husoma kichwa cha nje tu na kuipeleka pakiti Mwanza. Huko kichwa hicho huvuliwa, na pakiti ya asili hutokea kama ilivyotoka Tanga. Hayo ndiyo yote yafanywayo na GRE, na uzuri wake umo katika uchache huo.

Walakini katika uchache huo huo ndimo yalimo mapungufu yake, na la kwanza ni la siri. Ruta ya katikati haina haja ya kusoma kilichomo, lakini haikuzuiwa kukisoma. Mtu aliyekaa mahali popote njiani, awe mtumishi wa kampuni au mwizi aliyejipenyeza, akitoa amri `tcpdump -n ip proto 47` ataona mistari ya namna hii:

```
IP 192.0.2.1 > 198.51.100.1: GREv0, length 88: IP 10.1.0.5 > 10.2.0.5: ICMP echo request, id 7, seq 1, length 64
```

Anwani za ndani, ambazo shirika lilidhani zimefichika, zimeandikwa waziwazi. Na lau pakiti hiyo ingekuwa imechukua orodha ya mishahara au maelezo ya mgonjwa, nayo isifumbwe na programu iliyoituma, yangesomeka kwa namna hiyo hiyo.

Baya zaidi kuliko kusomwa ni kughushiwa. Ruta ya Mwanza huitambua pakiti kuwa ya handaki kwa kutazama anwani mbili za nje, basi. Mwenye kuzijua anwani hizo, na mtandao wake usipomzuia kutuma kwa anwani isiyo yake, aweza kutunga pakiti isemayo kwamba imetoka 192.0.2.1, akaijaza alitakalo. Ruta ya Mwanza itaivua na kuiingiza katika mtandao wa ndani kana kwamba imetoka Tanga. Katika marekebisho ya mwaka 2000 mna nambari ya hiari iitwayo ufunguo, na jina hili nalo limepotosha watu. Ufunguo huo ni nambari ya biti 32 iendayo wazi ndani ya kila pakiti. Wafaa kutenganisha handaki moja na jingine lenye anwani zile zile. Hauwezi kufunga mlango, maana umeandikwa juu ya mlango wenyewe.

Pungufu la pili si la usalama, bali la nafasi, nalo ndilo liwasumbualo mafundi mara nyingi. Njia ya kawaida hubeba pakiti zisizozidi baiti 1500. Zikitolewa zile 24, pakiti ya ndani hubakiwa na 1476. Kompyuta ya Tanga haijui habari hiyo. Hutuma baiti 1500, tena aghalabu huweka alama ya kukataza kukatwa vipande. Ruta ikishindwa kuipitisha huitupa, na kumrudishia mtumaji taarifa ya ICMP ya kipimo kinachofaa. Ikiwa kuna kizuizi kinachotupa taarifa hizo za ICMP, mtumaji hapati habari, naye hurudia pakiti ile ile hata achoke. Dalili yake ni ya ajabu: `ping` hujibiwa, jina na neno la siri hupokewa, kisha ukurasa mkubwa hukwama katikati. Fundi asiyejua huilaumu programu. Ajuaye hujaribu hivi kutoka kompyuta ya Linux:

```
ping -M do -s 1448 10.2.0.5
ping -M do -s 1449 10.2.0.5
```

Baiti 1448 pamoja na vichwa vya 28 ni 1476 kamili, nazo hupita. Ikiongezwa moja tu hazipiti. Tiba ya kawaida kwa mazungumzo ya TCP ni kuiagiza ruta, kwa amri `ip tcp adjust-mss 1436`, ipunguze kipimo ambacho pande mbili hukubaliana mwanzoni.

Tena handaki hili halijui kama mwenzake yu hai. Maadamu ruta ya Tanga ina njia ya kuelekea 198.51.100.1, huonyesha kwamba handaki limesimama, hata kama ruta ya Mwanza imezimika tangu jana. Amri `keepalive 10 3` katika ruta za Cisco hutibu jambo hili kwa hila nzuri: ruta hutuma kila sekunde 10 pakiti ambayo ndani yake mna jibu lililokwisha kuandikwa anwani ya kurudia, mwenzake akilivua hurudi lenyewe, yakikosekana majibu matatu, handaki hushushwa.

Ama dawa ya siri na ya kughushi haimo katika GRE, hutafutwa nje yake, katika IPsec, ambayo huifumba pakiti nzima ya GRE na kuithibitisha kuwa haikuguswa. Mtu aweza kuuliza kwa nini basi GRE isiachwe kabisa. Sababu ni kwamba IPsec ya asili yataka kila pakiti iwe na mpokeaji mmoja ajulikanaye, na ruta zitumiazo OSPF huamkiana kwa anwani ya kundi, 224.0.0.5. GRE hubeba maamkizi hayo bila ya kuuliza, na IPsec huona pakiti moja tu, kutoka Tanga kwenda Mwanza. Gharama yake ni baiti nyingine zaidi, na kwa hiyo mafundi wengi hushusha kipimo cha handaki hadi 1400, na kile cha TCP hadi 1360.