Slaidi ya nyavu ilipopewa herufi ndogo kuliko zote

Hapa Mkuyuni, kwenye barabara inayotoka mjini kwenda Butimba na Nyegezi, wanaoniletea slaidi za kurekebisha ni wanafunzi, walimu na watu wa semina. Wengi hulalamikia rangi au picha. Kijana mmoja aliyesomea uvuvi alikuja na lalamiko la aina nyingine. Alikuwa ameandaa mafunzo ya slaidi 12 kwa viongozi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi kwenye mialo yetu. Alipojaribu kuyaonyesha ukutani aliona maandishi yanakua na kusinyaa kila anapohama slaidi, ilhali yeye hakuwahi kugusa saizi ya herufi hata mara moja.

"Mzee wangu, mimi nimeandika tu," aliniambia. "Kila kitu kimeenea kwenye kisanduku chake, hakuna kilichomwagika. Sasa mbona herufi ukutani hazifanani?"

Jibu lilikuwa ndani ya swali lake. Hazikufanana kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeenea.

PowerPoint ikifungua slaidi ya kawaida hukupa kisanduku cha kichwa na kisanduku cha maelezo. Katika kiolezo ambacho ofisi nyingi bado zinakitumia, chenye fonti ya Calibri, kichwa kimepangiwa pointi 44, hoja kuu pointi 28, na vijihoja vilivyo chini yake pointi 24. Hayo ndiyo makubaliano ya wasilisho zima. Lakini kisanduku cha maelezo kimewekewa pia amri nyingine, ambayo kwenye skrini inaitwa `Shrink text on overflow`: maandishi yakizidi nafasi, yapunguze mpaka yaenee. Amri hiyo inakitazama kisanduku kimoja tu. Haijui slaidi iliyotangulia ina herufi za ukubwa gani, wala haijali inayofuata. Kila slaidi inajipimia yenyewe, na matokeo yanategemea wingi wa maneno uliyoandika hapo.

Upunguzaji wenyewe huenda kwa ngazi. Ukifuatilia mafaili mengi utakutana na asilimia zilezile: 92.5, kisha 85, 77.5, 70, 62.5, na kushuka zaidi. Pamoja na herufi, programu huibana pia nafasi kati ya mistari, hadi asilimia 20. Ndiyo maana slaidi iliyojaa huonekana imesongamana hata pale ambapo herufi zenyewe bado zinasomeka.

Hili linaweza kuthibitishwa bila kukisia. Faili la `.pptx` ni furushi la mafaili madogo yaliyobanwa pamoja. Chukua nakala, badilisha mwisho wa jina lake uwe `.zip`, ifungue, kisha tafuta faili la slaidi unayoishuku ndani ya `ppt/slides`. Kwa yule kijana, faili la slaidi ya 5 lilikuwa na mstari huu:

```xml
<a:normAutofit fontScale="70000" lnSpcReduction="20000"/>
```

Namba ya kwanza ni asilimia 70 iliyoandikwa kwa maelfu, na ya pili ni asilimia 20 zilizokatwa kwenye nafasi ya mistari. Slaidi ya 3 haikuwa na punguzo lolote. Slaidi ya 4 ilikuwa na 92500. Kwa hiyo hoja kuu zilikuwa za pointi 28 kwenye slaidi ya 3, pointi 25.9 kwenye ya 4, na pointi 19.6 kwenye ya 5. Asiyetaka kufungua furushi anaweza kubofya ndani ya maandishi na kusoma namba kwenye kisanduku cha saizi. Ukikuta namba ya ajabu ambayo hukuichagua, jua kisanduku hicho kimejipunguza.

Tofauti ya ukubwa pekee ingevumilika. Kinachoniuma mimi ni kwamba punguzo hili huvuruga daraja za maelezo. Kwenye slaidi ya 3, kijihoja cha pembeni kilikuwa na pointi 24. Kwenye slaidi ya 5, hoja kuu ilikuwa na 19.6. Maana yake mtazamaji aliyekaa nyuma aliona jambo la nyongeza kwa herufi kubwa kuliko jambo la msingi. Na hiyo slaidi ya 5 ilihusu nini? Zana haramu: kwamba nyavu za sangara zenye tundu chini ya inchi 6 haziruhusiwi, kwamba kokoro ni marufuku, kwamba sumu na baruti ni marufuku, na kwamba sangara asiyefika sentimita 50 hapaswi kuvuliwa. Ndiyo slaidi aliyokuwa na mengi ya kusema, na kwa kuwa ilikuwa na mengi, ndiyo iliyopewa herufi ndogo kuliko zote. Mashine ikiachiwa kazi hii huwa inafanya hivyo daima: penye uzito wa maneno ndipo inapofifisha.

Kulikuwa pia na sababu iliyoificha hitilafu hiyo, nayo inawahusu wengi wanaofanya kazi kwa lugha mbili. Wasilisho lile lilianza kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza lilikuwa limekaa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana akalitafsiri, akibandika Kiswahili juu ya maneno ya awali. Kiswahili hufunga mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. "Wanaowavua" ni neno moja kwetu, na neno refu halikatwi katikati ili kujaza mwisho wa mstari, linashuka lote. Hoja iliyokuwa ya mstari mmoja ikawa ya mistari miwili. Kwa kuwa hakuna kilichomwagika nje ya kisanduku, hakuona dalili yoyote alipokuwa anaandika. Punguzo lile lilikuwa limeficha kwamba kisanduku kimezidiwa.

Nafasi iliyopo inapimika. Kisanduku cha maelezo cha kiolezo hicho kina kimo cha inchi 4.76, yaani kama pointi 343, na ukitoa pambizo za ndani zinabaki karibu 335. Mstari mmoja wa Calibri ya pointi 28, kwa nafasi ya asilimia 90 iliyowekwa humo, unakula kama pointi 31, na kati ya hoja na hoja kuna nafasi ya pointi 10. Hoja nne za mistari miwili zinaenea vizuri. Ya tano inahitaji jumla ya karibu pointi 348, na hapo ndipo kisanduku kinapoanza kujipunguza. Upande wa upana, mstari wa pointi 28 unabeba takriban herufi 55 hadi 60 pamoja na nafasi kati ya maneno. Mwandishi wa Kiswahili akijua hilo, ataiona hoja ya tano ikija kabla haijamponyoka.

Tiba niliyompa ilianza na kuzima amri yenyewe, na ni vizuri izimwe kwenye chimbuko. Nenda `View`, kisha `Slide Master`, uchague ile slaidi kubwa ya juu kabisa ambayo nyingine zinarithi kwake. Bofya kisanduku cha maelezo kwa kitufe cha kulia, ingia `Format Shape`, halafu sehemu ya `Text Box`, uchague `Do not Autofit`. Kagua pia mipangilio iliyo chini yake, maana mmoja unaweza kuwa na amri yake wenyewe. Kisha zuia programu isiirudishe tabia hiyo unapoandika: `File`, `Options`, `Proofing`, `AutoCorrect Options`, na kwenye ukurasa wa `AutoFormat As You Type` ondoa alama kwenye `AutoFit title text to placeholder` na `AutoFit body text to placeholder`.

Slaidi zilizokwisha kupunguzwa huwa zimebeba punguzo lao ndani yao, kwa hiyo kubadilisha chimbuko peke yake hakutoshi. Bofya ndani ya maandishi, na kwenye kitufe kidogo kinachojitokeza pembeni ya kisanduku chagua `Stop Fitting Text to This Placeholder`. Maandishi yatarudi kwenye ukubwa wake na yatamwagika chini. Kijana alishtuka alipoona slaidi tano zimemwagika kwa mpigo, akadhani nimemharibia kazi. Nilimwambia, "Hapana, bwana mdogo, sasa ndiyo unaiona kazi yako ilivyo." Mmwagiko ule ndio orodha ya slaidi zinazohitaji kufanyiwa kazi, na kabla ya hapo hakuwa nayo.

Baada ya hapo tulichagua saizi moja kwa wasilisho lote. Pointi 28 ilikuwa kubwa kwa sentensi zake, na kung'ang'ania nayo kungemlazimu kukata hata maneno ya lazima. Tukaweka 24 kwa hoja kuu na 20 kwa vijihoja, palepale kwenye `Slide Master`, si slaidi moja baada ya nyingine. Kwa pointi 24 kisanduku kinabeba hoja tano za mistari miwili na kubakiza pumzi kidogo. Ya sita haiingii. Kushuka kutoka 28 hadi 24 ni uamuzi wa mtu aliyelitazama wasilisho zima, na kila slaidi inashuka pamoja na nyingine. Anayepunguza kwa mkono slaidi moja tu iliyojaa, kwa kubofya kitufe cha kushusha saizi, amerudia kosa lilelile la mashine.

Hata kwa 24, slaidi ya 5 haikuenea, na haikupaswa kuenea. Ilikuwa na mambo mawili yaliyofungwa pamoja: zana na ukubwa wa samaki. Tukaigawa. Moja ikabaki na nyavu, kokoro, sumu na baruti. Ya pili ikapewa vipimo vya sangara, na hapo ikapatikana hata nafasi ya kuchora samaki aliyelazwa kwenye rula. Sentensi nyingine mbili, ambazo alikuwa amekusudia kuzitamka kwa mdomo hata hivyo, zilihamia kwenye sehemu ya `Notes` chini ya slaidi. Slaidi nyingine moja iligawanywa kwa namna hiyohiyo, na tatu zilihitaji kufupishwa tu. Wasilisho likawa na slaidi 14 badala ya 12. Muda wa kuzungumza haukuongezeka, kwa kuwa maneno yaliyotamkwa ni yaleyale.

Kuna chaguo la tatu kwenye menyu ileile, `Resize shape to fit text`, ambalo hukuza kisanduku badala ya kupunguza herufi. Kwa lebo ndogo juu ya picha linafaa. Kwa kisanduku cha maelezo silipendekezi, kwani kinateremka hadi juu ya nembo na namba ya slaidi. Na kama faili litafunguliwa kwa LibreOffice kwenye kompyuta ya ukumbi, ujue programu ile hupima punguzo kwa hesabu zake. Slaidi zilizokaa vizuri kwako zinaweza kutoka na saizi nyingine kule. Zile ambazo saizi yake imeandikwa wazi na punguzo limezimwa hazina cha kupimwa upya, mradi fonti yenyewe ipo kwenye kompyuta hiyo.

Kabla hajaondoka tulilihifadhi lile umbo tupu, lenye 24 na 20 na punguzo lililozimwa, kama kiolezo cha `.potx`. Mafunzo ya mwalo unaofuata atayaandika humo moja kwa moja kwa Kiswahili, na hoja ya sita ikianza kutoka nje ya kisanduku ataiona siku hiyohiyo anapoiandika.