Fundi wa Kweli na Fundi wa Uongo: Nani Umempa Kompyuta Yako?

Wasomaji wetu watukufu wamekwisha kusikia, na pengine baadhi yao yamewafika majumbani mwao, khabari za mtu asiyejulikana apigaye simu na kusema kwamba yeye ni fundi wa kampuni ya Microsoft, au wa kampuni ya simu, au wa benki. Husema kwa adabu na upole kwamba kompyuta ya nyumbani imeingiwa na virusi, naye amepewa kazi ya kuitengeneza kutoka huko aliko. Kisha humtaka mwenye nyumba atie katika kompyuta programu ya kumwezesha kuiona na kuiendesha kwa mbali. Katika mwezi huu twapenda kueleza jambo hili kwa urefu, kwa sababu msaada wa namna hii upo kweli, na wenye kuutoa kwa uaminifu ni wengi. Basi swali ni hili: mtu atawatambuaje wawili hawa, hali ya kuwa wote wawili wanatumia chombo kimoja?

Na ni chombo kimoja hasa. Programu ziitwazo AnyDesk, TeamViewer na Quick Assist ni halali, zimetengenezwa na kampuni zinazojulikana, na kila siku mafundi wa maofisi huzitumia kuwasaidia watu. Kazi yake ni nyepesi kufahamika. Kila kioo cha kompyuta yako hupelekwa kwa mtu wa upande wa pili, na kila anachobonyeza yeye huwa kana kwamba umekibonyeza wewe. Kinachofungua mlango ni nambari: katika AnyDesk, kwa mfano, kila kompyuta hupata nambari yake yenye tarakimu 9 au 10, na mwenye kuijua huomba kuingia, nawe ukibonyeza kukubali, amekwisha kuingia. Kwa hiyo mtu akisema, "Programu hii nimeitazama, ni nzuri, si ya wezi," amesema kweli, lakini hajajibu swali. Ufunguo ni mzuri. Yafaa kuuliza nani ameushika.

Sasa na tutoe mfano. Mfano huu tumeutunga wenyewe, lakini kila hatua yake ni katika njia ambazo walaghai hawa wamezoea kuzipita. Tumdhani mzee mmoja wa kwetu, aliyehamia Uingereza zamani na kustaafu huko. Asubuhi moja simu inalia, na nambari inayoonekana ni ya Uingereza. Hilo si dalili ya chochote, maana nambari inayoonekana katika kioo cha simu yaweza kughushiwa. Mpigaji anamwambia kwamba kompyuta yake inatuma ishara za hatari, na ili amthibitishie, anamwomba ashike kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha aandike neno hili:

```
eventvwr
```

Hapo hufunguka daftari liitwalo Event Viewer, na ndani yake mzee anaona mistari mamia yenye alama nyekundu za Error na za manjano za Warning. Moyo unamwenda mbio. Lakini ukweli ni kwamba daftari hili limo katika kila kompyuta ya Windows, na halikosi alama hizo hata katika kompyuta iliyo nzima kabisa. Programu ikichelewa kuanza, huandikwa. Printa ikiwa imezimwa, huandikwa. Intaneti ikikatika kwa dakika moja, huandikwa pia. Ni kumbukumbu za fundi, wala si orodha ya virusi. Anayetaka kuhakikisha na aandike neno lile lile katika kompyuta nyingine yoyote, ataona mambo yale yale. Basi mpigaji hakujua lolote juu ya kompyuta ya mzee. Alijua tu kitu kilichomo katika kompyuta zote duniani.

Mzee akiisha kuogopa, anaambiwa aitie AnyDesk na asome nambari. Fundi anaingia, anabonyeza huku na huku, kisha anasema kazi imekwisha, na kwa ajili ya usumbufu kampuni itamrudishia paundi 200. Anamwomba afungue ukurasa wa benki yake ili fedha ziingie. Hapa ndipo penye shabaha ya mambo yote yaliyotangulia.

Tuseme mzee ana paundi 740 katika akaunti ya matumizi na paundi 6,500 katika akaunti ya akiba. Mlaghai anaufanya uso wa kioo uwe mweusi kidogo, jambo ambalo programu hizi zinaliweza, na katika giza hilo anahamisha paundi 2,000 kutoka akiba kwenda matumizi. Mara nyingi benki haitaki nambari ya uthibitisho kwa fedha zinazohama baina ya akaunti mbili za mtu mmoja. Kioo kikirudi, akaunti ya matumizi inaonyesha paundi 2,740. Mlaghai anapiga kelele: "Nimekosea! Nilitaka kukutumia 200, nimekutumia 2,000! Nitafukuzwa kazi!" Anamsihi mzee arudishe paundi 1,800 upesi, na mzee, kwa wema wake na kwa kuchukia kula cha mtu, anazituma. Lau angejumlisha akaunti zote mbili angeona kwamba 2,740 na 4,500 ni 7,240, na kabla yake 740 na 6,500 zilikuwa 7,240 vile vile. Hapakuingia hata senti moja. Wengine hawahamishi hata hizo. Hubadilisha tarakimu zinazoonekana katika ukurasa tu, na ukurasa ukifunguliwa upya, tarakimu za uongo hutoweka.

Katika simu ya mkononi madhara ni mepesi zaidi kutokea. Mwezi wa Februari 2019, Benki Kuu ya India ilizionya benki za nchi ile juu ya watu waliokuwa wakiwashawishi wateja kutia AnyDesk katika simu zao, kisha kuwaomba ile nambari ya tarakimu 9 na ruhusa nyingine. Aonaye kioo cha simu yako huona pia ujumbe wenye nambari ya uthibitisho ambao benki imekutumia. Ulinzi uliowekwa ili mwizi asipite, yeye anausoma pamoja nawe.

Sasa tumtazame fundi wa kweli. Mzee yule yule printa yake imekataa kufanya kazi, naye anampigia simu mjukuu wake aliye mji mwingine. "Babu," anasema kijana, "fungua Quick Assist, nitakupa nambari." Kijana anaingia kwa jina lake, anapata nambari yenye herufi au tarakimu 6 ambayo hufa baada ya dakika 10, na babu anaiandika. Kwanza kijana anapata kuona tu. Akitaka kuendesha, huomba tena, na babu hukubali au hukataa. Printa ikiisha kutengenezwa, babu anafunga mlango, na mambo yamekwisha.

Tofauti ziko wapi? Haziko katika programu, maana mwaka 2024 Microsoft yenyewe ilieleza kwamba walaghai wameitumia Quick Assist pia. Wala haziko katika adabu, au ujuzi, au kulijua jina lako na anwani yako, kwani hayo hununuliwa. Tofauti ya kwanza ni kwamba babu ndiye aliyeanza, akapiga nambari aliyokuwa nayo tangu zamani. Microsoft wametangaza mara nyingi kwamba hawawapigii watu simu bila ya kuombwa kuwaambia kompyuta zao zimeharibika, na kwamba maonyo yao ya kweli yanayotokea katika kioo hayaandikwi nambari ya simu ya kupiga. Kwa hiyo dirisha likichomoza kwa kelele na kukwambia "piga nambari hii", dirisha hilo lenyewe ndilo ulaghai. Tahadhari vile vile na kuitafuta nambari ya msaada katika intaneti kwa haraka, kwani walaghai hulipia matangazo ili nambari zao zitangulie. Ichukue nambari ya benki nyuma ya kadi yako, au katika karatasi za kampuni ulizo nazo.

Tofauti ya pili ni kwamba kazi ya fundi wa kweli ina mpaka. Akija kwa ajili ya printa, hushughulika na printa. Hana haja ya neno lako la siri, wala ya nambari ya uthibitisho, wala hakuombi ufungue ukurasa wa benki naye akiwa ndani. Mtu akiwa ameingia katika kompyuta yako, kisha likatajwa neno la fedha, la kulipa au la kurudishiwa, kata pale pale.

Tofauti ya tatu ndiyo kipimo kikubwa. Mwambie: "Nakata simu sasa, nitapiga mwenyewe ofisini kwenu kwa nambari niliyo nayo." Fundi wa kweli hapotezi kitu kwa hilo, kazi yake imeandikwa, na mwenzake ataiona. Mlaghai hawezi kulivumilia, kwani ukikata umempotea. Atasema kwamba fedha zinaondoka dakika hii, atakuonya usimwambie mtu, na pengine atakufundisha uongo wa kuwaambia watu wa benki wakikuuliza. Ukisikia moja katika haya, huhitaji ushahidi mwingine. Na unapopiga, tumia simu nyingine, kwani mlaghai aweza kubaki katika laini ya nyumbani hali ya kuwa wadhani amekwisha kukata. Huko Uingereza, tangu mwaka 2021, mtu aweza kupiga 159 akaunganishwa na benki yake, ikiwa ni katika benki zilizojiunga na mpango huo.

Na ikiwa mtu amekwisha kumfungulia mlaghai mlango? Kwanza na aikate intaneti: azime kile kisanduku kinachoileta nyumbani, au aizime kompyuta kabisa. Kisha aipigie benki kwa simu nyingine, mara moja, kwani fedha zilizotumwa sasa hivi huenda zikazuilika, na za jana ni tabu zaidi. Maneno ya siri ayabadilishe kwa kutumia chombo kingine, siyo kile kilichoingiwa. Kuifuta AnyDesk peke yake hakutoshi, maana mlaghai aweza kuwa ameweka neno lake la siri la kuingia wakati wowote bila kuombwa ruhusa, au ameacha programu ya pili. Kompyuta hiyo na isifunguliwe tena kwa mambo ya benki mpaka fundi unayemjua ameitazama, au imefutwa na kutiwa Windows upya.

Twawaomba vijana jambo moja. Mzee akikujia na khabari kama hii, usimcheke wala usimkemee, kwa sababu aliyekemewa mara ya kwanza atanyamaza mara ya pili, na kunyamaza kwake ndiko mlaghai akutakako. Mwandikie nambari yako na ya benki yake kwa herufi kubwa, uzibandike karibu na simu, na juu yake uandike: "Kata kwanza, kisha piga mwenyewe."