Somo la Redio: Shamba Lipi Limeota Sawasawa?

Leo shikeni penseli na mtawale, maana tutasoma picha badala ya maneno.

Siku hizi iko ndege ndogo isiyo na rubani, iitwayo droni au ndege nyuki, ambayo hupiga picha za shamba kutoka juu. Tuseme Juma na Mwanaidi wana mashamba ya mahindi yanayopakana. Walipanda siku moja, na sasa mahindi yana majuma matano. Wakati huu ni mzuri, kwa sababu majani bado hayajafunika ardhi yote. Yakisha kufunika, mapengo hujificha. Picha zote mbili zilipigwa saa sita mchana, ndege ikiwa katika kimo kimoja, kamera ikitazama chini moja kwa moja. Kama moja ingepigwa asubuhi, vivuli virefu vingetudanganya.

Pigeni mistari ili kila picha iwe na vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Katika kila chumba kadirieni: kama kingegawanywa sehemu kumi, ngapi ni kijani? Mimi nilipata hivi:

Juma: 9, 9, 9, 9, 9, 2, 9, 4, 3.
Mwanaidi: 6, 7, 6, 6, 5, 6, 7, 6, 5.

Jumlisheni. Juma ana 63, Mwanaidi ana 54. Basi shamba la Juma lina kijani zaidi. Lakini hatukuulizwa hivyo! Tumeulizwa lipi limeota sawasawa. Toeni namba ndogo katika namba kubwa: kwa Juma, 9 toa 2 ni 7, kwa Mwanaidi, 7 toa 5 ni 2. Shamba la Mwanaidi ndilo lililo sawasawa.

Sasa tazameni vyumba vibaya vya Juma viko wapi. Vyote vitatu vimekaa pamoja katika pembe moja. Huenda maji yanatuama pale, au mbegu zilioza. Akinunua mbolea ya shamba zima, fedha nyingi itapotea, kwa maana vyumba sita havina shida. Mwanaidi naye ana upungufu kidogo kila mahali. Pengine alipanda kwa nafasi pana mno, au udongo wake wote umechoka.

Jihadharini na mambo mawili. Kivuli cha wingu huonekana kama doa jeusi, lakini hukatiza njia na mpaka bila kujali shamba ni la nani. Magugu nayo ni kijani. Ukiona kijani katikati ya mistari ya mahindi, picha haitakuambia ni nini. Nenda ukaone kwa macho, jembe mkononi.

Kwa juma lijalo, Juma amekwenda katika ile pembe akachimba shimo la kina cha mkono mmoja, akakuta maji. Andikeni sentensi tatu: afanye nini?