Nani Alifungua Faili?

Katikati ya Juni 2023, walinzi wa mitandao wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliona jambo lisilo la kawaida katika kumbukumbu za barua pepe: masanduku ya maofisa yalikuwa yakifunguliwa kwa njia wasiyoifahamu. Siku iliyofuata wakaiarifu Microsoft. Ikaja kubainika kwamba wadukuzi wanaohusishwa na China walikuwa na ufunguo wa kutia saini wa Microsoft yenyewe, na kwa ufunguo huo walijitengenezea vibali bandia vya kuingilia. Walisoma barua za watu zaidi ya 500, akiwemo Waziri wa Biashara, Gina Raimondo. Kwenye wizara hiyo pekee waliondoka na barua zipatazo 60,000.

Wizara iliwanasa kwa sababu ilikuwa ikilipia kifurushi cha juu. Ndani yake kulikuwa na tukio liitwalo `MailItemsAccessed`, linaloandikwa kila barua inapofunguliwa. Mteja wa kifurushi cha kawaida hakuwa na mstari huo, kwa hiyo hata angekesha akitazama asingeona kitu. Kelele zilipanda, Seneta Ron Wyden akiwa miongoni mwa waliolalamika, na Julai mwaka huohuo Microsoft ikatangaza kwamba wateja wa kawaida nao watapewa kumbukumbu za aina hiyo bila kuongeza malipo, na kwamba zitatunzwa siku 180 badala ya 90.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa na mkurugenzi wa shirika la watu kumi anayeambiwa na muuzaji kwamba kumbukumbu za ukaguzi zimo kwenye kifurushi cha `Enterprise` tu. Mara nyingi hilo ni kweli nusu. Kumbukumbu za mabadiliko hupatikana hata kwenye vifurushi vya chini: nani kaongeza mtumiaji, nani kafuta mradi, nani kabadilisha mipangilio. Kinachowekwa juu ni kumbukumbu za kusoma. Kwenye GitHub, kwa mfano, mwenye shirika hata asiye na kifurushi kikubwa anaweza kufungua ukurasa wa `Audit log` na kuona matukio ya siku 180 zilizopita. Lakini tukio la mtu kunakili msimbo wote kwenda kwenye kompyuta yake haliandikwi humo mpaka ulipie kifurushi kikubwa, na hata huko hudumu siku saba tu. Ni kama daftari la wageni getini: linakuambia nani aliingia na saa ngapi, halikuambii alifungua kabati gani.

Je, shirika dogo linahitaji kujua habari za kabati? Inategemea kilichomo. Kikundi kinachotunza ratiba za mafunzo na picha za mikutano hakina hasara kubwa ya kuogopa. Kliniki yenye majalada ya wagonjwa, au kituo cha msaada wa kisheria chenye majina ya waliodhulumiwa, hali yake ni tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu agundue kwamba data za watu zimeingiliwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru. Ndani ya saa hizo utaulizwa data za nani zimeguswa. Asiye na kumbukumbu za kusoma atalazimika kudhani kwamba zote zimesomwa, na kuwajulisha wote.

Tugeukie kuingia mara moja, yaani mfanyakazi kutumia akaunti moja ya kazini kufungua huduma zote. Wauzaji huisifia kwa urahisi wake, lakini thamani yake kubwa iko siku mtu anapoondoka kazini: unafunga akaunti moja, na milango yote inakataa. Ndiyo maana inakera kuiona ikiuzwa kama anasa. Ipo hata tovuti, sso.tax, inayoorodhesha kampuni zinazopandisha bei mteja anapoiomba.

Tuchukue ofisi ya watu 12 wanaotumia GitHub. Kifurushi cha `Team` ni dola 4 kwa mtu kwa mwezi, jumla dola 48. Kuingia mara moja kwa njia ya SAML kunapatikana kwenye `Enterprise`, dola 21 kwa mtu, jumla dola 252. Tofauti ni dola 204 kwa mwezi, au 2,448 kwa mwaka, na hiyo ni huduma moja tu. Tuseme ofisi hiyo ina huduma tisa na kila mwaka wanaondoka watu watatu. Hizo ni akaunti 27 za kufunga kwa mkono. Kila moja ikichukua dakika tano, kazi yote ya mwaka ni saa mbili na robo. Kwa hesabu hiyo, mhasibu yeyote angekataa kulipa.

Kasoro ya kazi ya mkono ni kusahau. Huduma iliyojaribiwa miaka miwili iliyopita haimo kwenye orodha, na akaunti ya aliyeondoka inabaki hai. Dawa yake haina gharama: kila miezi mitatu fungua ukurasa wa watumiaji wa kila huduma, uweke kando ya orodha ya mishahara, na jina lisilolingana liulizwe. Pale ambapo huduma inaonyesha tarehe ya mwisho ya kuingia, itazame pia. Kisha lazimisha uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu. GitHub huruhusu hilo hata kwa mashirika yasiyolipa.

Huduma nyingi pia zina kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google au Microsoft bila nyongeza ya bei, na kwa ofisi ndogo hicho hutosha kwa sehemu kubwa. Kinachokosekana ni nguvu ya kulazimisha. Mfanyakazi aliyejiwekea nywila kando bado ana mlango wa pili, na ukimfungia Google leo, simu yake inaweza kuendelea kuwa ndani ya huduma ile mpaka muda wa kikao uishe. Hata SAML, peke yake, haifuti akaunti upande wa pili. Na hakuna aina yoyote ya kuingia mara moja inayogusa nywila ya ukurasa wa Facebook ambayo watu sita wanaijua, wala funguo za seva ambazo mtu alizinakili kabla ya kuaga. Hapo ndipo ofisi ndogo huumia zaidi, na ni vya kubadilishwa kwa mkono siku hiyohiyo.

Programu huria ya Keycloak inakupa kuingia mara moja bila ada ya leseni, ila inataka mtu wa kuisasisha, na ikianguka Jumatatu asubuhi ofisi nzima inabaki nje. Tena huduma unayotaka kuiunganisha nayo bado inaweza kukudai kifurushi kikubwa ndipo ikubali SAML.

Hesabu hubadilika watu wa kujitolea wanapoingia na kutoka kila mwezi, au mfumo mmoja unapobeba siri za watu. Hapo lipia mfumo huo mmoja, si yote tisa. Kabla ya kusaini, omba muda wa majaribio, ingia kwa akaunti ya kawaida, fungua jalada moja bila kubadilisha chochote, halafu mwombe msimamizi atafute jina lako kwenye kumbukumbu. Asipoliona, mwulize muuzaji nyongeza ya bei ni ya nini.