Maji au Moto? Pakiti ya Tambi za Kikorea Jikoni Kangemi

Nilikuwa kwenye matatu, tumekwama kwenye foleni ya Waiyaki Way, picha ilipoingia kwenye simu. Binti wa kaka yangu alikuwa amenunua tambi za Buldak mjini, zile kavu za kukaangwa ambazo Samyang ya Korea Kusini ilianza kuuza mwaka 2012. Nyuma ya pakiti maelezo yote ni Kikorea. Alikuwa amepiga picha, programu ya simu ikamtafsiria, na sasa alikuwa na swali moja: “Shangazi, maji magumu ni yapi? Ya kisima?”

Tafsiri aliyopewa ilisema achemshe maji mililita 600, atie tambi kwa dakika 5, amwage maji yabaki vijiko 8, aweke “supu”, kisha akaange “katika maji magumu” kwa sekunde 30. Nami Kikorea changu ni cha kujifundisha, lakini cha kusomea pakiti kinatosha. Nikaikuza picha.

Pakiti ilikuwa imekunjika, na mwanga wa taa ya simu ulimeremeta juu ya mkunjo, palepale penye neno lililoleta utata. Kikorea huandikwa kwa silabi zilizojengwa kama vijumba: konsonanti kwanza, vokali kando au chini yake, na konsonanti nyingine ikihitajika huwekwa chini kabisa. Maji ni 물, yaani “mul”. Moto ni 불, “bul”. Ukiyatazama kwa karibu, tofauti iko juu tu: herufi ya M ni mraba uliofungika, na ya B ni mraba huohuo ulioota pembe mbili. Mng'ao ukizifuta pembe, moto unageuka maji.

Kilichoandikwa kwenye pakiti ni 센불, moto mkali. Programu ilisoma 센물, na hilo nalo ni neno halali la Kikorea: maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni. Hapo ndipo mtego ulipo. Kosa lingezaa neno lisilokuwepo, programu ingelishuku. Lakini hili limo kwenye kamusi, likapita bila kuulizwa. Mpishi ndiye anayeweza kulinasa, kwa sababu hakuna anayekaanga kwa maji ya kisima. Nilimwambia ainyooshe pakiti mezani karibu na dirisha, azime taa ya simu, apige sentensi moja moja kwa karibu. Mara ya pili moto ulisomeka moto.

“Supu” pia haikuwa supu. Wakorea wameliazima neno hilo, “seupeu”, na kwenye pakiti za tambi wanalitumia kuita kifuko cha kiungo. Hapa ni kile chenye rojo jekundu.

Vipimo vya maji vilikuwa rahisi zaidi. Chupa ya soda ya kioo ya mililita 300, mara mbili, basi. Vikombe ningemkataza: kikombe cha kupimia cha Wakorea ni mililita 200, na magi yetu ya chai hushinda hapo kwa mbali. Ila vile vijiko 8 vilinitia wasiwasi, maana alikuwa ameshika kijiko cha chai. Cha chai ni mililita 5, kwa hiyo vinane ni 40 tu, na rojo lile kwenye moto mkali lingeganda na kuungua chini ya sufuria. Kinachotakiwa ni kijiko cha kulia chakula, cha kama mililita 15. Vinane ni 120.

Zikabaki zile dakika 5. Kwanza, zinahesabiwa tangu tambi ziingie kwenye maji yanayotokota. Sufuria ikiwekwa jikoni, saa bado. Pili, ziliandikwa Korea, ambako miji mingi iko karibu na usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 100 hivi. Nairobi iko mita 1,800 juu ya bahari. Hewa hapa hukandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, nayo hutokota yakifika nyuzi 94 hivi. Ukiongeza moto, mvuke utazidi, lakini joto la maji halitapanda. Tambi zitaiva, ila maji huingia ndani yake polepole zaidi.

Sikumpa idadi ya dakika. Nilimwambia ikifika ya tano atoe uzi mmoja, aukate kwa kucha, atazame katikati. Kukiwa na kidoa cheupe, kiini bado kikavu; aendelee, apime tena baada ya nusu dakika. Asimwage maji kabla kidoa hakijaisha, kwa kuwa sekunde 30 za kukaanga ni za rojo kushika tambi, na hazitoshi kuzimalizia kuiva.

Nilikuwa nashuka stendi ya Kangemi alipojibu. “Dakika 6 na kitu, Shangazi. Pitia dukani uniletee maziwa, mdomo unawaka.”