Gauni la Novemba Linaporudi Desemba

Tuchukue duka la mtandaoni lenye bidhaa mbili tu: magauni ya shilingi 40,000 na kava za simu za shilingi 10,000. Novemba liliuza magauni 200 na kava 400, jumla ya shilingi milioni 12. Katika mzigo huo wateja walirudisha magauni 60 na kava 8, yaani vitu 68 kati ya 600. Hiyo ni asilimia 11 na ushee, na mwenye duka haoni la kumtia wasiwasi. Lakini dukani humo hakuna kitu kinachorudi kwa asilimia 11. Kava zinarudi kwa asilimia 2, magauni kwa asilimia 30. Wastani umeficha yote mawili.

Hilo ni rahisi kuligundua. Gumu ni tarehe. Mteja akipewa siku 30 za kurudisha, gauni la Novemba huenda likarudi Desemba. Tuseme hadi mwisho wa Novemba yamerudi 20 tu. Ripoti itatoa shilingi 800,000 kwenye milioni 8 za magauni na kuonyesha mauzo halisi ya milioni 7.2. Kwa furaha hiyo watu huagiza vitambaa zaidi.

Desemba yanauzwa magauni 80, ya milioni 3.2. Yanarudi 50, lakini 40 kati ya hayo ni ya Novemba. Ripoti inagawanya 50 kwa 80: asilimia 62.5! Mauzo halisi yameshuka hadi milioni 1.2, na lawama zinamwendea fundi ambaye hajabadilisha hata uzi.

Dawa yake ni kuandika kila kinachorudi pamoja na namba ya oda yake ya awali, kisha kukihesabu kwenye mwezi kilipouzwa. Hapo Novemba inaonekana ilivyo: milioni 5.6 za magauni. Desemba isihukumiwe kabla siku zake 30 hazijaisha. Wahasibu nao hawasubiri mzigo urudi. Kanuni ya kimataifa ya IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, inataka makadirio ya vitakavyorudi yaondolewe kwenye mapato tangu siku ya kuuza. Duka linalojua asilimia 30 yake lingetoa milioni 2.4 mapema.

Kwetu kuna utata mwingine, wa kulipa mzigo ukifika. Bodaboda anabisha hodi, mteja anakataa kifurushi. Duka lililoandika mauzo pale oda ilipoingia litasema gauni limerudi, ilhali halikununuliwa kamwe. Oda hizo zistahili safu yake. Jumia, ilipoingia soko la hisa la New York mwaka 2019, ilieleza kuwa thamani ya bidhaa inayoitangaza inajumuisha hata oda zilizofutwa na zilizorudishwa. Ni kipimo halali cha ukubwa wa shughuli, ila mtu asikisome kama mauzo halisi.

Na yale magauni 60 yapangwe kwa saizi. Kama mengi ni L, kasoro iko kwenye jedwali la vipimo, na jedwali hurekebishwa kwa jioni moja.