Desa la siara na faili la kufunguliwa mwisho

Mitihani ya mwisho wa muhula inapokaribia, simu za wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania hujaa mafaili. Desa hutoka kwa siara, yaani mwakilishi wa darasa: pasti pepa, noti za mhadhiri, na majibu yaliyoandikwa na waliotangulia. Kwa kawaida ujumbe wake ni mfupi: mzigo huo, sambazeni.

Siara mmoja wa mwaka wa kwanza wa uhasibu aliandika zaidi ya hapo. "Wakuu, faili la majibu lifungueni mwisho. Fanyeni swali kwanza kwenye karatasi, noti zikiwa zimefungwa. Pasti pepa ya mwaka jana msiiguse hadi wiki ya mwisho."

Agizo hilo lina msingi. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi mbili. Moja waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka. Waliopimwa baada ya dakika 5 waliikumbuka zaidi makala waliyoirudia kusoma. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: makala hiyo waliikumbuka kwa takriban asilimia 42, na ile nyingine kwa asilimia 56. Kusoma tena humpa mtu hisia kwamba anajua, na hisia hiyo ndiyo inayomponza.

Chukua swali la uchakavu lililokuwa ndani ya desa hilo. Mashine imenunuliwa kwa shilingi milioni 10, itatumika miaka 5, na thamani yake ya mabaki ni milioni 1. Ukitoa mabaki na kugawanya kwa 5, uchakavu wa kila mwaka ni shilingi 1,800,000. Aliyesoma jibu tu huondoka na tarakimu hiyo kichwani.

Sasa mtunga mtihani abadilishe jambo moja: mashine imenunuliwa Oktoba 1, hesabu zinafungwa Desemba 31, na uchakavu unahesabiwa kwa miezi. Mwaka wa kwanza una miezi 3 tu, hivyo jibu ni 450,000. Anayekariri ataandika 1,800,000 bila wasiwasi wowote. Aliyehangaika na swali mwenyewe atakuwa amezoea kutafuta tarehe kabla ya kugusa kikokotoo.

Siara aliwataka pia waandike sababu pembeni ya kila kosa: sikujua kanuni, sikusoma swali vizuri, au nilikosea hesabu. Ni ushauri mzuri kuliko yote, kwa sababu tiba zake hazifanani. Wa kwanza arudi kwenye noti. Wa pili apigie mstari tarehe na masharti ya swali. Wa tatu anahitaji mazoezi zaidi.

Lakini majibu ya desa hayakupitiwa na mhadhiri, na kosa la mwanafunzi mmoja hunakiliwa mwaka hadi mwaka. Jibu lako likitofautiana nalo, rudia hesabu hatua kwa hatua, linganisha na mwenzako, na mkishindwa kukubaliana, mpelekeeni mhadhiri karatasi zote mbili.